Kabla hujampandisha mtoto Mbeya mwezi wa sita

Mdogo wangu alipokuja Uyole kutoka Dar na mwanawe wa miaka miwili, ilikuwa katikati ya mwezi wa sita. Mtoto alishuka kwenye basi na ngozi laini, isipokuwa ukavu kidogo kwenye mikunjo ya viwiko ambao mama yake alikuwa ameuzoea. Baada ya siku kumi mashavu yalikuwa yanakwaruza ukiyapapasa, na kufikia wiki ya tatu yakatokea mabaka mawili, moja kila shavu, yamefifia rangi na yana unga mwembamba juu yake. Bibi akasema ni minyoo. Dawa ya minyoo ikanunuliwa, mtoto akanywa, mabaka yakabaki palepale.

Hali ile inawapata watoto wengi wa huku wakati wa kipupwe, hasa wenye ngozi nyepesi kukasirika au wenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu. Hewa ya Dar ina unyevu wa bahari, ya kwetu mwezi wa sita hadi wa nane ni baridi na kavu, tena ina upepo. Ngozi inapoteza maji, inapata ukurutu mdogo ambao kwenye ngozi nyeusi hata hauonekani mwekundu, na pale ulipopita panabaki rangi hafifu. Jua nalo linaongeza tofauti: ngozi ya pembeni inaiva, baka haliivi, kwa hiyo linaonekana zaidi. Ndiyo maana mafuta na kinga ya jua ni jambo moja kwa mtoto wa namna hii, na vyote viwili viandaliwe kabla ya safari.

Anza na mafuta, wiki mbili kabla ya kusafiri. Yanayofaa ni mazito na hayanukii kitu: mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa, na bei yake haiumi. Losheni nyepesi ya chupa ina maji mengi, huku juu haidumu hata saa mbili. Achana na zenye harufu nzuri hata kama kopo limechorwa mtoto anayecheka, maana manukato ndiyo yanayoikasirisha ngozi hii mara nyingi. Chochote kipya kijaribu kwanza: paka kiasi cha punje ya harage upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku kwa siku saba hadi kumi, mahali palepale. Kama hapawashi wala hapatoki vipele, endelea mwili mzima. Kujaribu ukiwa Dar kunakuachia muda wa kubadilisha, ukifika huku ngozi imeshachokozwa hutajua ni mafuta au ni baridi.

Kipimo ndicho wengi wanakosea. Mtoto wa miaka miwili akipakwa mwili mzima asubuhi na jioni anamaliza kopo la gramu 100 ndani ya wiki moja hivi. Mdogo wangu alikuja na kopo moja la ukubwa huo akitegemea likae mwezi, na kweli lingekaa, kwa sababu alikuwa anapaka uso na magoti tu ya kuonekana na wageni.

Kuoga nako kunahitaji kufikiriwa, maana baridi ya huku inamfanya kila mtu achemshe maji mpaka yatoe mvuke. Maji ya moto yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi. Yawe ya uvuguvugu, chovya kiwiko chako, kama unahisi joto kali ongeza ya baridi. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni iguse kwapa, mapaja na miguu yenye matope, na isiwe ya mche wala ya dawa. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, kisha mpake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu, ndani ya dakika tatu. Sisi tulikuwa tunamvalisha kwanza asipate baridi, halafu tunakumbuka mafuta baadaye. Tulipoleta kopo bafuni, ukwaruzi wa mashavu ulipungua ndani ya siku nne.

Sweta la sufu livaliwe juu ya fulana ya pamba yenye mikono mirefu, lisiguse shingo wala viwiko. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto. Linakausha hewa, na moshi wake usioonekana unaua.

Sasa jua. Watu wanadhani kwa kuwa kuna baridi, jua halina nguvu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na miale inayounguza ngozi inaongezeka kadiri unavyopanda, hata kama umevaa koti. Kofia yenye ukingo mpana na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndiyo kinga ya kwanza. Losheni ya jua inafuata, kwa sehemu ambazo nguo hazifiki.

Kwa ngozi inayokasirika chagua ile ambayo kinga yake ni madini, zinki oksaidi au titani dioksaidi, kwa sababu yanakaa juu ya ngozi na hayachomi kama nyingine zinavyochoma kwenye mpasuko. Isome tyubu: iwe SPF 30 au zaidi, iandikwe pia inakinga UVA, isiwe na manukato, tarehe haijapita. Kasoro yake ni weupe unaobaki usoni. Iliyotiwa rangi ya kahawia inaupunguza, ila mtoto akifanana na aliyepakwa unga si hoja ya kuiacha. Paka mafuta kwanza, subiri robo saa, ndipo losheni, nusu kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili akiwa nje. Tyubu ya mililita 50 inaisha haraka kwa mtindo huo, na ndiyo sababu nyingine ya kutegemea kofia. Haya ni ya mtoto mwenye mabaka. Mwenye ualbino anahitaji mpango wa kliniki ya ngozi.

Jambo moja usilibebe: krimu ya mchanganyiko, ile inayotiwa dawa ya fangasi pamoja na steroidi. Wiki ya nne tuliuziwa tyubu dukani, tukaambiwa ni ya fangasi. Siku ya tatu mashavu yalikuwa safi, tukafurahi. Tulipoacha, vipele vikarudi vingi zaidi. Baadaye tulisoma kwenye boksi: ndani mna klobetasoli, steroidi kali mno, ambayo ikitumika usoni mwa mtoto inaikondesha ngozi. Kama ukurutu unahitaji dawa, daktari aandike nguvu yake na siku zake.

Mafuta yakifanya kazi, ukwaruzi unaondoka ndani ya wiki mbili, lakini rangi inarudi polepole, miezi kadhaa, usibadilishe dawa kwa ajili hiyo. Nenda hospitali mapema baka likiwa na ukingo ulioinuka kama pete, likiwa jeupe kama maziwa, likiwa halihisi mguso wa pamba, au likitoa maji yanayokauka kuwa gamba la rangi ya asali. Vipele vya maji vilivyojikusanya pamoja na homa visisubiri kesho.

Na ukikata tiketi, omba kiti cha upande wa kushoto. Mwezi wa sita jua linakaa kaskazini, kwa hiyo basi la kutoka Dar linapigwa upande wa kulia sehemu kubwa ya safari, na kioo hakizuii miale yote. Mdogo wangu na mwanawe waliketi kulia, wakaufunika ule upande kwa kanga kuanzia Mikumi mpaka walipomaliza kupanda Kitonga.