Namna ya kufuatilia hataza za kampuni hadi kumjua mwenye teknolojia

Mwaka jana kikundi chetu cha kukausha maembe na mananasi kilimlipa wakili shilingi 1,800,000 atuandalie mkataba wa leseni ya mashine ya kukaushia. Ulikuwa mkataba mzuri katika kila kifungu isipokuwa jina la mtoa leseni. Kampuni tuliyoiandika ndiyo iliyotajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa hati ya hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi, na mimi ndiye niliyeuchapa ukurasa huo nikaupeleka kikaoni kama ushahidi. Hataza yenyewe ilikuwa imeuzwa miaka miwili kabla. Wakili alianza upya, nasi tukalipa upya. Nilipotaka kuelewa nilikosea wapi, nilichukua kisa ambacho nyaraka zake ziko wazi kwa kila mtu, nikakifuata hatua kwa hatua. Ni kisa cha hataza ya unga wa tefu, ile nafaka ndogo ya Ethiopia inayopikiwa injera, ambayo ilisajiliwa Ulaya na kampuni ya Uholanzi.

Hatua ya kwanza ni kukusanya majina. Jina lililo kwenye bango au kwenye pakiti mara nyingi ni la biashara tu, wakati hataza husajiliwa kwa jina kamili la kisheria, na kampuni moja inaweza kuwa na majina kadhaa kadiri ilivyobadilishwa, ilivyogawanywa au ilivyofilisika. Yatafute katika daftari la makampuni la nchi yake: kwa Tanzania Bara ni BRELA, kwa Zanzibar ni BPRA, kwa Uholanzi ni Chemba ya Biashara. Andika pia majina ya wakurugenzi, kwa sababu utayahitaji baadaye.

Hatua ya pili ni kutafuta kwenye Espacenet, hazina ya bure ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya yenye hati za nchi nyingi duniani. Mwombaji hutafutwa kwa alama `pa`, mvumbuzi kwa `in`, na neno la kichwa cha hati kwa `ti`:

```
pa all "health performance food"
ti=teff
EP1646287
```

Mstari wa mwisho ni namba ya hataza yenyewe. Katika kisa hiki ombi la mwanzo lilihusishwa na kampuni iitwayo Soil & Crop Improvement, kisha mwenye hataza akawa Health and Performance Food International, na baadaye ikawa mikononi mwa Ancientgrain. Mtu anayeijua kampuni ya mwisho peke yake, akatafuta kwa jina hilo tu, anaweza kuondoka akiamini kwamba haina hataza. Njia ya kukwepa mtego huo ni kutafuta kwa jina la mvumbuzi. Hataza huuzwa, lakini mvumbuzi aliyetajwa hubaki yule yule, na mara nyingi huwa ni mmoja wa wale wakurugenzi uliowaandika. Ukimfuata yeye, kampuni zote alizopitia hujitokeza moja baada ya nyingine.

Hapa pia utaona herufi zinazowapoteza wengi. Namba inayoanza na WO ni ombi la kimataifa lililochapishwa chini ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza. Si hataza, wala hakuna hataza ya dunia nzima. Mwombaji hupewa muda, kwa nchi nyingi miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la kwanza kabisa lilipowasilishwa, wa kuliingiza ombi lake katika kila nchi anayoitaka, na asipofanya hivyo hana haki yoyote katika nchi hiyo. Kwa hati za Ulaya, A1 mwishoni mwa namba huonyesha ombi lililochapishwa, na B1 huonyesha hataza iliyotolewa. Muuzaji akikuwekea mezani karatasi yenye WO na kuiita hataza ya kimataifa, muulize iliingizwa katika nchi zipi.

Sasa fungua ukurasa wa kwanza wa hati. Kando ya kila taarifa kuna namba ndogo ndani ya mabano, na namba hizo ni zile zile katika nchi nyingi, hata kama hati imeandikwa kwa Kijapani: 71 ni mwombaji, 72 ni mvumbuzi, 73 ni mmiliki, 30 ni kipaumbele, 84 ni nchi zilizotajwa. Hapo ndipo nilipoanguka. Jina lililo kwenye 73 ni la mmiliki wa siku ile hati ilipochapwa. Hati haichapwi upya hataza inapouzwa, hivyo ukurasa huo utaendelea kuonyesha jina la zamani hata baada ya miaka kumi.

Kabla ya kumtafuta mmiliki wa leo, soma madai, yaani vile vifungu vyenye namba vilivyo mwishoni mwa maelezo. Muhtasari wa mwanzo hueleza uvumbuzi kwa jumla, lakini kinacholindwa kisheria ni madai, na dai la kwanza kwa kawaida ndilo pana kuliko yote. Katika hataza ya tefu, dai la kwanza lilihusu unga wa nafaka ya jamii ya tefu ambayo, wakati wa kusagwa, kipimo chake cha kuanguka si chini ya 250. Kipimo hicho wasagaji wa ngano wanakifahamu: uji wa unga huchemshwa ndani ya mrija, kisha huhesabiwa sekunde ambazo kijiti hutumia kuzama ndani yake. Nafaka iliyoanza kuchipua ina vimeng'enya vingi vinavyovunja wanga, uji wake huwa mwepesi, na kijiti huzama haraka. Nafaka iliyokauka na kupumzika baada ya kuvunwa hutoa uji mzito na kipimo kikubwa. Ukielewa hivyo unaona upana wa dai lile, kwa maana tefu iliyotunzwa vizuri ghalani ingeweza kuangukia ndani yake, na madai yaliyofuata yaliufuata unga huo hadi kwenye kinyunga na vyakula vinavyotengenezwa nao. Kwa kusoma kurasa mbili za madai unajifunza zaidi kampuni inatafuta nini kuliko kwa kusoma matangazo yake yote.

Hatua iliyotugharimu ni ya rejista. Kwa hataza za Ulaya, fungua register.epo.org, weka namba, kisha nenda kwenye `Legal status` na `Event history`. Utaona hataza ilitolewa lini (hii ya tefu ilitolewa Januari 2007) na mabadiliko ya umiliki yaliyoandikishwa. Lakini usiishie hapo. Hataza ya Ulaya ikishatolewa husambaa na kuwa fungu la hataza za kitaifa, na baada ya miezi tisa ya kipindi cha pingamizi kumalizika bila pingamizi, ofisi ya Ulaya kwa kawaida haiandikishi tena uhamisho wa umiliki. Kazi hiyo huhamia ofisi ya kila nchi. Kwa hiyo rejista ya Ulaya inaweza kuonyesha mmiliki wa mwaka 2008 wakati rejista ya Uholanzi au ya Ujerumani inaonyesha mwingine kabisa. Mimi niliishia kwenye ukurasa wa kwanza wa hati, sikufika hata kwenye rejista ya kwanza. Fungua rejista ya kila nchi inayokuhusu, angalia jina la mmiliki, angalia ada ya kila mwaka ililipwa mara ya mwisho lini, kisha andika tarehe uliyotazama. Ada isipolipwa na muda wa nyongeza ukapita, hataza hufa hata kama muda wake wa miaka 20 haujatimia.

Umuhimu wa kujua mmiliki wa leo unaonekana vizuri katika kisa cha tefu. Mwaka 2005 taasisi za Ethiopia zilitia saini makubaliano na Health and Performance Food International kuhusu matumizi ya mbegu za tefu na mgawo wa faida. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilifilisika. Makubaliano yalikuwa na kampuni, na kampuni ikatoweka, lakini hataza haikufa pamoja nayo. Ethiopia ikabaki na mkataba usio na mtu wa kuutekeleza, huku haki ya kuwazuia wengine kuuza unga huo katika nchi kadhaa za Ulaya ikiendelea kuishi chini ya jina jingine. Mwenye kusoma mkataba peke yake asingeliona jambo hilo. Mwenye kusoma rejista angeliona.

Tarehe 21 Novemba 2018 mahakama ya The Hague, katika shauri kati ya Ancientgrain na kampuni ya Bakels Senior, iliona kwamba hataza ile haikuwa na hatua ya kivumbuzi, yaani jambo jipya ambalo mtaalamu asingelifikia kwa urahisi, na kuitangaza batili. Magazeti yaliandika kwamba hataza ya tefu imefutwa, nami nilisoma hivyo. Lakini mahakama ya Uholanzi huamua juu ya sehemu ya Uholanzi tu. Sehemu zilizosajiliwa katika nchi nyingine zilipaswa kuangaliwa moja moja katika rejista zao, na mwuza unga aliyetaka kupeleka mzigo Ujerumani asingeweza kuitegemea hukumu ya The Hague.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, hataza inaweza kuwa imeingia nchini kwa milango miwili. Mmoja ni ofisi ya taifa: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Mwingine ni ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ambalo chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 hupokea ombi moja kwa ajili ya nchi wanachama ambazo mwombaji amezitaja. Tafuta katika yote miwili, kwa jina la mwombaji na la mvumbuzi. Usitosheke na utafutaji wa mtandaoni ukikuonyesha kwamba hakuna kitu. Andika barua ya kuomba utafutaji rasmi, taja namba za hati za nje ulizozipata ili afisa azilinganishe, na udai jibu lenye mhuri na tarehe.

Kuna mambo mawili ambayo rejista inaweza isikuonyeshe. Ombi kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, hivyo alichovumbua mtu mwaka huu bado kimefichika. Jingine ni leseni, ambazo nchi nyingi hazilazimishi kuandikishwa. Hataza ya mfumo wa kupanga kurasa uliokuwa msingi wa Google, namba US 6285999 ya mwaka 2001, inamtaja mmiliki kuwa Chuo Kikuu cha Stanford, na Google iliutumia kwa leseni. Ukitafuta kwa jina la Google peke yake, hataza hiyo inaweza kukupita. Kampuni ikijigamba kwa teknolojia usiyoiona popote kwa jina lake, tafuta wavumbuzi wake walisoma au waliajiriwa wapi, kisha utafute kwa jina la chuo au mwajiri huyo.

Mkataba wetu wa pili una kifungu kimoja ambacho cha kwanza hakikuwa nacho: mtoa leseni analeta nakala ya rejista iliyothibitishwa na ofisi ya hataza, isiyozidi siku 30 tangu itolewe, na malipo ya kwanza hayafanyiki kabla nakala hiyo haijafika. Ilichukua wiki tatu kufika, na jina lililokuwa juu yake halikuwa lile nililolichapa mwaka uliotangulia.