Haipitiki au haipitwi? Namna ya kumfasiria mgeni vibao alivyovipiga picha

Masika iliyopita mgeni mmoja niliyemtembeza Mji Mkongwe alivuka kwenda Pemba peke yake, akakodi pikipiki. Kila akikuta kibao anakipiga picha ananirushia, na mimi nipo Darajani namfasiria kwa Kiingereza. Kazi ilikwenda vizuri mpaka picha ya sita, ambayo nitaieleza kwenye hatua ya tatu. Ninaandika haya kwa vijana wenzangu wa kutembeza wageni, maana sasa kila mgeni ana simu na kila kibao ni swali.

Hatua ya 1: Omba picha mbili

Wageni hupenda kusogea mpaka maandishi yajae kwenye kioo. Ile ni picha ya kwanza, sawa. Ya pili arudi nyuma hatua kumi, tuone kibao kimesimama wapi na kinatazama upande gani. Kibao cha barabarani husema nusu ya neno lake kwa umbo: pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Chukua neno USIPITE. Kwenye duara lenye magari mawili, maana yake usilipite gari lililo mbele yako. Kwenye kamba iliyofungwa mlango wa uchochoro, maana yake usiingie kabisa. Herufi ni zilezile, na ukizitazama peke yake huwezi kujua.

Mwambie atume WhatsApp kama faili, si kama picha ya kawaida, maana ile ya kawaida inabanwa na herufi zilizochujuka zinapotea.

Hatua ya 2: Nakili kama kilivyo

Kwa kalamu na daftari, pamoja na makosa yake. Usisahihishe.

Hatua ya 3: Jiulize nani anayekataa

Hapa ndipo nilipoanguka. Picha ya sita ilitoka kwenye njia ya udongo upande wa Konde. Ubao wa mbao, rangi nyekundu: NJIA HAIPITIKI. Mimi nilikuwa nasubiri bakuli langu la urojo, nikajibu mbio mbio kwamba hairuhusiwi kupita. Mgeni akatazama kulia, akatazama kushoto: hakuna polisi, hakuna geti, hakuna mwenye shamba. Akajiambia kwamba akipita kidogo hakuna wa kumuuliza. Mbele kidogo gurudumu la mbele likazama kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Ilichukua muda wa kutosha na wanaume wanne wenye kamba kulitoa. Mzee mmoja akaichukua simu ya mgeni akanipigia mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "sisi tumeandika haipitiki. Hatukuandika haipitwi."

Maneno yale yalinitoa jasho, kwani kosa lote lilikuwa kwenye kiungo kimoja cha kitenzi.

Haipitwi ina -w-, kauli ya kutendwa. Nyuma yake yupo mtu: mwenye kiwanja, serikali, kamati ya msikiti. Yeye ndiye aliyekataa, na akitaka anaweza kukuruhusu. Haipitiki ina -ik-. Hapo hakuna aliyekataa. Njia yenyewe haikubali, kwa tope, kwa daraja lililovunjika au kwa maji yaliyojaa, wala ruhusa ya mtu haisaidii. Ya kwanza ni amri na ya pili ni onyo, na msomaji huyatendea tofauti. Mtu akiona amri hutazama kama kuna anayesimamia. Akiona onyo hutazama miguu yake.

Ukitaka kulizoea, jaribu na maji. MAJI HAYA HAYANYWEKI: ya chumvi au machafu, ukiyanywa utaumwa. MAJI HAYA HAYANYWEWI: huenda ni masafi kabisa, ila yamewekwa kwa kutawadhia, na mwenyewe hataki watu wayapunguze. Ukimfasiria mgeni la kwanza kwa maneno ya la pili, umempeleka hospitali. Ukifanya kinyume, umemfanya adhani birika la msikiti lina maradhi.

Sasa tahadhari zenyewe, maana kanuni hii haishiki kila pahala.

Kwanza, rangi ikichujuka, hesabu nafasi za herufi. HAIPITIKI ina herufi tisa, HAIPITWI nane. Mimi huikuza picha nikaweka ncha ya kalamu juu ya kila alama iliyobaki, kabla sijakisia neno.

Pili, watu hujificha nyuma ya kauli hii ya haipitiki. Dukani ukikuta KUKOPA LEO HAIWEZEKANI, usidhani kuna kizuizi cha maumbile. Mwenye duka hataki, basi, ila ameona vibaya kusema "sitaki". Hiyo ifasiri kama katazo la adabu.

Tatu, -w- si lazima imkataze anayesoma. NYUMBA HII HAIUZWI iliyoandikwa ukutani kwa rangi inamshangaza kila mgeni: mbona hakuuliza bei? Maneno yale anaambiwa mnunuzi ambaye huenda tapeli ameshamchukua pesa, au yuko njiani kumchukua. Aghlabu nyuma yake kuna ugomvi wa mirathi au mtu aliyetaka kuuza kisichokuwa chake. Fasiri yangu ni kwamba atakayejitia kukuuzia nyumba hii ni mwizi. Ndefu kuliko maandishi yenyewe, lakini ndiyo maana yake.

Hatua ya 4: Kirefushe kwa Kiswahili kwanza

Usiruke moja kwa moja kwenye lugha ya mgeni. Andika sentensi nzima ya Kiswahili yenye nani anasema, anamwambia nani, afanye nini, na asipofanya itakuwaje. Vibao visivyo na kitenzi ndivyo vinavyotaka kazi hii hasa. MWISHO WA VIATU, kwenye baraza la msikiti, kikifasiriwa neno kwa neno kinachekesha, na nimeshaona mgeni akikipiga picha huku amesimama juu ya mkeka na kandambili zake. Kirefu chake: "Sisi watu wa msikiti tunakwambia wewe unayeingia, vua viatu hapa ulipo, maana ukivuka utaitia najisi sehemu ya kusalia." Ukishakipata hicho, Kiingereza au Kitaliano kinakuja chenyewe.

Na soma mstari wa chini. KWA AMRI YA SHEHA si saini ya mapambo. Sheha ni kiongozi wa serikali wa shehia, kwa hivyo tangazo limetoka serikalini, si kwa jirani mwenye hasira. Neno sheha liache kama lilivyo, ueleze ni nani.

Hatua ya 5: Kifupishe tena

Kiwe na urefu anaoweza kuusoma akiwa juu ya pikipiki. Onyo likija na sababu yake, sababu ibaki: "tope, utazama" inatosha.

Hatua ya 6: Mpe mtu asiyeiona picha

Mimi humsomea mdogo wangu fasiri peke yake na kumuuliza angefanya nini. Hiyo ya Konde nilimsomea baadaye jinsi nilivyoiandika mara ya kwanza. "Ningepita," akasema. Nikamsomea ya pili. Akauliza njia nyingine iko wapi.