Sebule ndefu na nyembamba: geuza kochi moja

Kama sebule yako ni ya mita 3 kwa 6, usipange makochi yote kufuata kuta mbili ndefu. Ukifanya hivyo katikati panabaki njia tupu, na wageni wanakaa wametazamana kama abiria kwenye daladala.

Weka kochi la watu watatu kwenye ukuta mrefu, runinga ukuta wa pili. Kisha kochi la watu wawili ligeuze likate upana wa chumba, mgongo uelekee meza ya chakula. Mgongo huo ndio unaogawa chumba bila kujenga chochote. Zulia liingie chini ya miguu ya mbele ya makochi yote mawili, la sivyo yataonekana yametupwa tu.

Pima kabla ya kusukuma. Kochi likichukua sentimita 90 na kabati la runinga 40, zinabaki 170. Acha 40 kati ya kochi na meza ndogo yenye upana wa 50, upate njia ya 80, upande wa runinga. Ikishuka chini ya 70, watu watapita kiubavu. Hapo meza hiyo ndogo iondoe, weka stuli pembeni mwa kochi.