Kabla ya kuweka meza kwenye maonyesho ya urembo Lubumbashi

Hesabu ifanywe kabla ya kulipia nafasi. Tuseme meza ni dola 50, usafiri na chakula cha msaidizi ni dola 10, na kila kopo la krimu ya karite linakuachia faida ya dola 2. Makopo 30 ya kwanza yatarudisha gharama tu, na si kila meza inayouza makopo 30 kwa siku moja. Kwa hiyo faida yenyewe hutegemea watakaoagiza baadaye, hasa wenye saluni wa komini za Kenya na Katuba, humo humo Lubumbashi, wanaochukua kwa dazeni, na matayarisho yalenge kuwapata hao.

Njia ninayoiamini zaidi ni sampuli ndogo. Krimu mpya hujaribiwa kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, na kungoja saa 24, jambo lisilowezekana mteja akiwa amesimama mezani. Basi gawanya gramu 500 katika vikopo 100 vya gramu 5, ubandike kwenye kila kimoja jina la krimu, viungo vyake na namba yako ya simu, kisha umpe mteja kikopo anapokubali kuandikisha namba yake, ukimweleza kwamba utampigia kesho kutwa kuuliza ngozi imeipokeaje. Simu hiyo ataitarajia. Akikujibu kwamba ilimwasha au ilimtoa vipele, mwambie aache kuipaka, wala usijaribu kumuuzia.

Daftari lichorwe mistari mapema: jina, namba, kazi yake, alichouliza, na siku anayotaka kupigiwa. Kwa kuwa muziki wa maonyesho huwa mkubwa na tarakimu husikika vibaya, msaidizi abipu kila namba papo hapo, mteja akiwa bado amesimama. Jina lisilo na maelezo ya alichokitaka halitakusaidia baada ya siku mbili, maana hutakumbuka nani aliuliza bei ya jumla na nani alipita kunusa harufu tu.

Kopo la kuonyeshea lifunikwe na krimu itolewe kwa kijiko safi, si kwa vidole, hasa wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linapotua juu ya kila kitu. Upande wa fedha, andaa chenji ya faranga, andika mezani kiwango utakachotumia kwa dola siku hiyo, na mfundishe msaidizi kukataa kwa adabu noti ya dola iliyochanika, kwani nawe utakataliwa utakapoitoa. Uwe pia na akaunti za mitandao miwili ya kutuma pesa, kwa maana mmoja ukikwama mteja hatangoja.

Siku ya kupiga simu, anza na wenye saluni, na uwapigie asubuhi. Jumamosi waache, wana vichwa vya kusuka.