Kutoka fanksheni ya mkondo hadi velositi, na kuhakiki kwamba mtiririko haubaniki

Nimeandika hatua hizi baada ya kukaa na mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye daivajensi yake, inayopaswa kuwa sifuri mtiririko usipobanika, ilikataa katakata kuwa sifuri, ilhali velositi zake zote zilikuwa sahihi. Tatizo lake huwapata wengi wanapotoka kwenye x na y kwenda kwenye r na θ, kwa hiyo nitatumia mfano huohuo: maji yanayopita kando ya nguzo ya mviringo. Nguzo ina nusu kipenyo a = 0.1 m, na maji yanaijia kutoka kushoto kwa kasi U = 2 m/s. Mnato hatuuhesabu. Nyuma ya nguzo halisi maji huachana na ukuta na kufanya mizunguko, na fomula hii haionyeshi hilo. Mbele na ubavuni, nje kidogo ya ukuta, inakaribia hali halisi.

Hatua ya 1: Andika fanksheni ya mkondo ψ pamoja na kanuni ya alama

ψ = U (r − a²/r) sin θ

Kanuni ninayotumia ni hii: kwa x na y, u = ∂ψ/∂y na v = −∂ψ/∂x. Kwa r na θ, v_r = (1/r) ∂ψ/∂θ na v_θ = −∂ψ/∂r. Vipo vitabu vinavyogeuza alama zote mbili. Chagua kanuni moja, iandike juu ya karatasi, usiibadilishe katikati.

Hatua ya 2: Diferenshieti

v_r = U (1 − a²/r²) cos θ

v_θ = −U (1 + a²/r²) sin θ

Kabla ya kuendelea, angalia mambo mawili. Ukutani, r = a, v_r ni sifuri, kwa kuwa maji hayapenyi nguzo. Mbali sana upande wa kulia, θ = 0, v_r inakuwa U, yaani maji yanaelekea kulia kama tulivyotaka. Ukipata −U, umechanganya kanuni za vitabu viwili.

Hatua ya 3: Daivajensi

Hapa ndipo saa hupotea. Kwa x na y unajumlisha ∂u/∂x na ∂v/∂y, basi. Wengi huhamisha umbo hilo moja kwa moja na kuandika ∂v_r/∂r + (1/r) ∂v_θ/∂θ. Hilo ni kosa. Fomula sahihi ni

(1/r) ∂(r v_r)/∂r + (1/r) ∂v_θ/∂θ

na ile r iliyo ndani ya mabano lazima izidishwe na v_r *kabla* ya kudiferenshieti. Sababu yake inaonekana ukichora kipande kidogo kati ya miale miwili inayotoka katikati. Upande wa nje wa kipande ni mrefu kuliko wa ndani. Hata v_r ikiwa ileile pande zote mbili, maji mengi zaidi yanatoka nje kuliko yanayoingia ndani, na ile r ndiyo inayohesabu tofauti hiyo ya urefu.

Mimi nashauri uandike r v_r kwenye mstari wake peke yake kwanza:

r v_r = U (r − a²/r) cos θ

Sasa chukua nukta moja, r = 0.2 m na θ = 60°. Derivativu ya mstari huo kwa r ni U (1 + a²/r²) cos θ, yaani 2 × 1.25 × 0.5 = 1.25. Gawanya kwa 0.2, unapata 6.25 kwa sekunde. Sehemu ya pili, (1/r) ∂v_θ/∂θ, ni −6.25. Jumla ni sifuri.

Ukiisahau r, sehemu ya kwanza inakuwa 2U a²/r³ cos θ = 2.5, na jumla inabaki −3.75. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Katika nukta hii v_r ni 0.75 m/s, na 0.75 ÷ 0.2 ni 3.75. Kosa la kusahau r daima ni −v_r/r. Kwa hiyo daivajensi yako ikikataa kuwa sifuri, ilinganishe na −v_r/r. Zikilingana, umeshajua pa kurekebisha na huna haja ya kurudia ukurasa mzima.

Jambo jingine hapohapo: usihakiki kwa kutumia nukta ya ukutani wala nukta iliyo juu kabisa, θ = 90°. Kote huko v_r ni sifuri, basi hata fomula mbovu itakupa sifuri na utaridhika bure. Chagua nukta ya kawaida, iliyo mbali na ukuta na mbali na mistari ya ulinganifu.

Hatua ya 4: Ujue sifuri hiyo inathibitisha nini

Velositi ikitoka kwenye ψ laini, daivajensi ni sifuri bila kujali ψ ni ipi, kwa kuwa ∂²ψ/∂x∂y inatokea mara mbili kwa alama zinazopingana na kufutana. Kwa hiyo hapa unahakiki hesabu zako. Ukipewa u na v bila ψ, mambo yanageuka: daivajensi ndiyo swali lenyewe, na isipokuwa sifuri usihangaike kutafuta ψ, haipo.

Tena, sifuri pekee haitoshi. Chukua ψ = x² − y². Sahihi ni u = −2y na v = −2x. Mtu akisahau alama ya kutoa akaandika v = 2x, daivajensi bado ni sifuri. Kinachomkamata ni kipimo cha pili: velositi lazima ifuate mistari ya ψ isiyobadilika, yaani u ∂ψ/∂x + v ∂ψ/∂y = 0. Kwa v = 2x unapata −8xy, na kosa liko wazi. Mimi hufanya vipimo vyote viwili kila mara.

Hatua ya 5: Kompyuta, baada ya karatasi

Napenda SymPy, maktaba ya Python ya hesabu za alama, kuliko kupima kwa gridi ya namba, kwa sababu inatoa sifuri kamili, wakati gridi hutoa namba ndogo ambayo hujui kama ni kosa lako au ni ukadiriaji.

```python
import sympy as sp
r, th, U, a = sp.symbols('r theta U a', positive=True)
psi = U*(r - a**2/r)*sp.sin(th)
vr = sp.diff(psi, th)/r
vt = -sp.diff(psi, r)
div = sp.diff(r*vr, r)/r + sp.diff(vt, th)/r
print(sp.simplify(div))
```

Itachapisha `0`. Ila kumbuka kwamba `positive=True` inamaanisha r haifiki sifuri. Kwa nguzo yetu hilo halina shida, kwani katikati kuna zege, hakuna maji. Lakini weka ψ = mθ/2π, ambayo ni chemchemi inayomwaga maji kutoka nukta moja: v_r = m/(2πr), SymPy itasema sifuri tena, na ni kweli kila mahali isipokuwa kwenye nukta yenyewe. Chora duara lolote kuizunguka na jumla ya maji yanayotoka ni m. Kwenye mtiririko wa namna hiyo, andika pembeni mwa jibu kwamba linahusu r > 0 tu.