Kabla hujaweka == kati ya siri mbili

Ukinunua doti ya leso pale Biashara Street na kulipa kwa simu, muuzaji hushika simu yako mkono mmoja na yake mkono wa pili, akalinganisha namba ya muamala herufi moja moja kuanzia kushoto. Herufi ya kwanza ikipishana, anainua kichwa papo hapo. Ikipishana ya nane, anakawia kidogo kabla hajakutazama. Aliyesimama pembeni anaweza kujua, bila kuambiwa neno, amefika wapi.

Namba ya muamala si siri, kwa hiyo pale dukani hapana hasara. Lakini alama ya `==` katika programu nyingi hulinganisha vivyo hivyo: inakwenda mpaka penye tofauti ya kwanza, inasimama, inajibu "hapana". Ikiwa mojawapo ya maneno mawili yanayolinganishwa ni siri, muda wa kujibu unaanza kuitoboa siri hiyo.

Niliona jambo hili kwa karibu tulipokuwa tunatengeneza seva ya tiketi za mabasi ya Mombasa kwenda Malindi. Abiria akilipa, seva ya malipo inatuma taarifa kwetu: tiketi fulani, shilingi kadhaa, imelipwa. Pamoja na taarifa inakuja saini ya HMAC-SHA256, iliyotengenezwa kwa ufunguo tunaoujua sisi na wao tu. Nasi tunatengeneza yetu kutokana na taarifa ile ile, tunalinganisha, zikilingana tunatoa tiketi. Siku mbili kabla ya kufungua mauzo, binti tuliyekuwa tukimfundisha kazi akaniuliza, "Kaka, hii saini tunailinganisha kama jina la mteja tu?" Nilitazama mstari ule. Kweli, ulikuwa `==`, na niliuandika mimi mwenyewe.

Basi kabla ya yote, jiulize ni kipi hasa cha siri hapo. Taarifa ya malipo si siri. Mtu yeyote anaweza kuitunga. Siri ni saini sahihi ya taarifa hiyo, ambayo seva yako inaitengeneza yenyewe na kuiweka mkabala na ile ya mgeni. Saini hiyo huandikwa kwa tarakimu 64, na kila moja ina nafasi 16, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f. Mtu wa kubahatisha yote kwa mpigo ana uwezekano 16 mara 16, hivyo hivyo mara 64. Hamalizi maisha yake yote. Lakini akiweza kupima kwamba jaribio linaloanza na 7 limechelewa kidogo kuliko mengine 15, ameipata ya kwanza. Anaishikilia, anahamia ya pili. Kazi imeshuka hadi majaribio 16 mara 64, yaani 1,024, ingawa kila moja atalirudia mara nyingi sana ili kuchuja kelele za mtandao.

Kelele hizo ni kweli, wala sitaki kumtisha mtu bure. Tofauti ya herufi moja huwa ni nanosekunde chache au pungufu, na kompyuta za leo mara nyingi hulinganisha baiti kadhaa kwa pamoja, jambo linalovuruga hesabu niliyoitoa. Utafiti wa Crosby, Wallach na Riedi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kupitia intaneti mpimaji anaweza kutenganisha maikrosekunde 15 hadi 100, lakini ndani ya mtandao wa karibu anashuka hadi nanosekunde 100 hivi. Ila mshambuliaji anaweza kukodi seva jirani na yako, na wewe huna mamlaka juu ya hilo. Dawa yake ni mstari mmoja. Sioni sababu ya kuuacha.

Dawa yenyewe ni kulinganisha kila baiti hadi mwisho, hata kama ya kwanza imekataa, huku tofauti zikikusanywa kwenye namba moja inayotazamwa mwisho tu. Usiiandike mwenyewe, kompaila inaweza kuikatisha njiani kwa nia ya kuiharakisha. Python ina `hmac.compare_digest`, PHP ina `hash_equals`, Node ina `crypto.timingSafeEqual`, Go ina `subtle.ConstantTimeCompare`. Java ina `MessageDigest.isEqual`, ila kabla ya Java 6 toleo la 17 hata hiyo ilikuwa inasimama njiani, kwa hiyo mwenye mfumo wa zamani ahakikishe toleo lake.

Kabla ya kuiita, zifanye pande zote mbili ziwe za umbo moja. Hapa ndipo wengi hukwama. Saini inakuja ikiwa maandishi, yako iko katika baiti, au moja ina herufi kubwa na nyingine ndogo. Malipo halali yanakataliwa, mtu anakasirika na kurudi kwenye `==`. Sisi tuliandika hivi:

```python
tarajiwa = hmac.new(ufunguo, mwili, hashlib.sha256).digest()
try:
    iliyokuja = bytes.fromhex(saini)
except ValueError:
    return kataa()
if not hmac.compare_digest(tarajiwa, iliyokuja):
    return kataa()
```

`mwili` ni baiti zile zile zilizofika, kabla hazijafunguliwa wala kupangwa upya. Nafasi moja ikiongezeka, saini inakuwa nyingine kabisa. Urefu nao uujue mapema. Zikitofautiana urefu, ile ya Node hutupa kosa, na ya Go hujibu 0 mara moja. Hapa haidhuru, kwa sababu kila mtu anajua HMAC-SHA256 ni baiti 32. Na katika Go kumbuka kwamba jibu la "zinalingana" ni 1, si 0. Aliyezoea `strcmp` anaweza kuigeuza akafungulia wezi na kufungia wenye haki.

Kisha kagua kilicho pembeni ya mstari huo. Tulikuta kumbukumbu za seva zikiandika "saini ilitarajiwa kuwa hii, imekuja ile". Aliyeweza kuzisoma hakuhitaji kupima muda wowote. Tukafuta.

Kwa majaribio, usipime kwa saa. Mashine yako ina kelele nyingi mno. Tafuta kwenye msimbo kila `==` iliyo karibu na saini, tokeni au ufunguo. Halafu jaribu saini sahihi, yenye baiti ya kwanza mbovu, yenye ya mwisho mbovu, fupi, na tupu. Ni ile sahihi tu inayopita.

Na kama `==` imeshatumika muda mrefu, tofautisha mambo mawili. Mahali inapolinganishwa tokeni ya kudumu, kinachovuja ni tokeni yenyewe, basi ibadilishe leo. Mahali ni HMAC, kinachoweza kupatikana ni saini ya taarifa moja ya uongo, si ufunguo. Hapo kubadilisha ufunguo hakuondoi tiketi iliyokwisha kutolewa. Chukua orodha ya tiketi zilizoandikwa "imelipwa", uiweke kando ya taarifa ya akaunti, uzipitie moja moja.