Maji chini ya bawa: mambo ya kuzingatia kabla ya kuruka

Tuchukue ndege moja, Cessna 172S, iliyokaa nje kwa siku tatu katika kiwanja cha Tanga wakati wa masika. Ina matangi mawili, moja katika kila bawa, na kila tangi hubeba lita 106 hivi. Rubani aliyeileta aliyaacha yakiwa nusu. Mvua imenyesha kila usiku, na leo asubuhi mbingu ni nyeupe, upepo umetulia, na wewe ndiye unayetakiwa kuipeleka Pemba. Huenda ndani ya matangi yale kuna maji, huenda hakuna. Kitu pekee kitakachokueleza ni kikombe kidogo cha plastiki angavu chenye kijiti cha kusukumia valvu ya chini ya tangi, ili sampuli ya mafuta idondokee humo.

Wengi tulifundishwa kwamba maji huingia kwa sababu tangi lililo nusu hutoka jasho usiku. Ni kweli, lakini tupige hesabu. Hewa yenye unyevu kamili kwenye nyuzijoto 30 hubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi 22, hubaki na 19. Katika matangi yetu mawili kuna nafasi tupu ya lita 106, yaani sehemu moja ya kumi ya mita ya ujazo. Usiku mmoja basi hutoa gramu moja na kidogo, kwa matangi yote mawili. Ni matone. Ndege iliyoachwa miezi bila kuruka inaweza kukusanya kiasi cha kuogopesha kwa njia hiyo, lakini siku tatu haziwezi. Ukikuta maji mengi baada ya siku tatu, usiulaumu umande. Tafuta mlango mwingine, na mlango wa kwanza wa kuutazama ni kifuniko cha tangi kilicho juu ya bawa, pale maji ya mvua yanapotuama.

Ndege hii hutumia avgasi, ile petroli ya injini za pistoni yenye rangi ya buluu, iliyoandikwa 100LL kwenye boza na kwenye kibandiko kando ya kifuniko. Lita yake moja ina uzito wa gramu 720 hivi, na lita ya maji ni gramu 1,000. Kwa hiyo maji hushuka na kulala chini kabisa ya tangi, karibu na pale bomba linapochotea mafuta ya injini. Hapo ndipo hatari yake ilipo, na ndiyo sababu injini haikuonyi mapema. Mafuta yaliyokwisha kuwamo katika mabomba na katika chujio kuu ni safi, nayo yanaweza kutosha kuwasha, kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, hata kujaribu injini kwa nguvu. Kisha unaongeza nguvu zote, pua inainuka, maji yaliyolala pembeni yanatiririka kuelekea mdomo wa bomba. Kwa nguvu zote injini hii hunywa karibu lita moja kwa dakika. Mililita 100 tu, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, ni sekunde sita hivi za maji matupu, na zinaweza kukukuta juu ya minazi, mita mia moja kutoka ardhini, bila mahali pa kugeukia.

Jambo la kwanza la kuzingatia, basi, ni wakati. Chukua sampuli kabla ndege haijasogezwa, kwa sababu kuisukuma kunayavuruga maji yaliyotulia usiku kucha. Kama imetoka kujazwa mafuta, subiri. Kanuni inayotumika kwa avgasi ni dakika 15 kwa kila sentimita 30 za kina, na tangi la Cessna halifiki kina hicho, kwa hiyo robo saa inatosha. Mafuta ya taa ya ndege, Jet A-1, ni mazito zaidi na huyashikilia maji kwa muda mrefu: yahesabie saa nzima kwa kina kilekile. Nimewaona marubani wakichukua sampuli huku mpira wa boza ukiwa bado unakunjwa. Sampuli ya namna hiyo haisemi lolote. Angalia pia kama ndege imeegeshwa mahali tambarare. Ikiwa imelala upande, maji yanaweza kuwa kwenye kona ambayo valvu yako haiigusi. Cessna 172S ina valvu tano chini ya kila bawa na tatu chini ya tumbo, jumla 13, kwa sababu hiyohiyo, na zote zinatakiwa kuguswa. Nyingi za zamani zina moja tu kwa kila bawa, kwa hiyo mahali pa kuegesha panakuwa na uzito zaidi.

Sasa tuanze, bawa la kushoto, valvu ya ndani karibu na mwili wa ndege. Kikombe kinajaa, mililita 50. Unakiinua: kioevu kimetulia, hakina mstari, hakina chembe, kinang'aa. Wanafunzi wengi hapa hukimwaga na kwenda valvu inayofuata, kwa sababu wameambiwa watafute mpaka kati ya maji na mafuta, na hapa hakuna mpaka. Hakuna mpaka kwa sababu kikombe kizima ni maji.

Hili ndilo kosa ninalotaka ulikumbuke kuliko yote. Usiulize tu kama sampuli ni safi. Uliza kama ni avgasi. Usikitazame kikombe dhidi ya anga, maana anga la buluu huyapa maji rangi ambayo hayana. Kiweke mbele ya kitu cheupe, rangi ya bawa lenyewe inafaa, na utafute buluu iliyo ndani ya kioevu. Nusa. Dondosha tone kwenye kidole: avgasi hukausha na kupoza, kisha hutoweka, maji hubaki. Ukiwa bado na shaka, ongeza humo avgasi kidogo ambayo una hakika nayo, na mpaka utajitokeza mara moja. Rangi inakulinda na jambo jingine pia. Buluu iliyofifia na harufu ya mafuta ya taa zina maana kwamba mtu ametia Jet A-1 katika ndege ya petroli. Tone lake kwenye karatasi huacha duara la mafuta, wakati avgasi hukauka bila alama. Hapo hakuna cha kuchuja, tangi lote linamwagwa.

Tunarudi kwenye valvu ileile. Kikombe cha pili kina mililita 20 za maji chini na buluu juu. Cha tatu kina tone moja linalotembea sakafuni kama zebaki. Cha nne ni buluu tupu. Usifurahi bado. Shika ncha ya bawa uitikise juu na chini taratibu, ushushe na mkia kidogo, subiri, kisha chukua tena. Zinatoka mililita tano nyingine zilizokuwa zimejificha. Katika ndege zenye matangi ya mpira ndani ya bawa, kama Cessna nyingi za zamani, hatua hii ni ya lazima, kwa kuwa mpira hujikunja na maji hunasa katika mikunjo yake.

Uchafu nao husomwa kwa macho yaleyale. Chembe nyeusi laini kwa kawaida ni mpira wa bomba la kujazia au wa kifuniko unaooza. Vumbi la rangi ya kahawia ni kutu, na mara nyingi limetoka kwenye pipa. Ukungu katika kikombe unahitaji subira: ukianza kutakata kutoka chini kwenda juu, ni viputo vya hewa vinavyopanda, ukitakata kutoka juu kwenda chini, ni maji yanayozama. Kisha, baada ya mabawa, nenda kwenye valvu tatu za chini ya tumbo, ikiwamo ya chujio kuu. Mimi huziacha mwisho, kwa sababu kufungua chujio kwanza kunaweza kuvuta maji ya tangini hadi ndani ya mabomba. Kila valvu ukiiacha, itazame kidogo: punje moja ya mchanga ikibana mdomoni mwake, itadondosha mafuta safari nzima.

Kwa wanaoruka kwenda viwanja vya porini, pipa la lita 200 linahitaji jicho la peke yake. Likisimamishwa nje, mvua hutuama juu ya vizibo vyake. Mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka, usiku hujikunja na kuvuta maji kupitia uzi wa kizibo ambacho kwa macho kimekazwa. Pipa lilazwe ubavu, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja ili mafuta yavifunike kwa ndani. Kabla ya kutumia, lisimamishwe litulie, liwekewe kipande cha mbao chini ya upande wa pampu, na bomba la pampu lisiguse chini. Lita chache za mwisho zibaki humo.

Kikombe kina mipaka yake. Hakioni maji yaliyoyeyuka ndani ya mafuta yenyewe. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing ilianguka kabla tu ya kufika njia ya kutua ya Heathrow. Mafuta yake yalikuwa na maji ya kiwango cha kawaida, lakini kwa baridi ya safari ndefu yaligeuka barafu, nayo ikazuia mafuta kufika kwenye injini zote mbili. Hakuna aliyekufa. Hakuna sampuli ya asubuhi ambayo ingeliona jambo lile. Maji huru, yale yanayolala chini ya tangi lako Tanga, ni habari nyingine, na hayo kikombe huyaona.

Bawa la kulia limetoa buluu tangu kikombe cha kwanza. La kushoto limetoa mililita 75. Umande wa siku tatu ungelipa mililita mbili, labda, kwa kuwa zile gramu moja na kidogo za kila usiku hugawanywa kati ya matangi mawili. Kwa hiyo unaleta ngazi, unapanda, unafungua kifuniko cha kushoto. Mpira wake umekauka na una ufa unaoonekana kwa macho, na kando yake bado kuna dimbwi dogo la mvua ya jana. Pemba itasubiri. Andika kasoro kwenye daftari la ndege, mwite fundi abadilishe mpira, mafuta uliyoyatoa yaende kwenye kopo la taka na si tangini, na fundi akimaliza, zunguka tena valvu zote 13.